Usiku wa kwanza baada ya upasuaji wa tumbo

Swali: Daktari, mama atapasuliwa tumbo wiki ijayo, nami nitalala naye wodini. Usiku wa kwanza niangalie nini?

Jibu: Usaha wa kidonda kwa kawaida huja siku kadhaa baadaye. Usiku huo hofu yangu ni damu inayovuja ndani, kwani bandeji yaweza kubaki kavu kabisa. Mapigo ya moyo hupanda kabla presha haijashuka. Yakitoka 84 kwa dakika hadi 118, mikono ikawa ya baridi, akatokwa jasho na kuhangaika, mwite muuguzi papo hapo, hata kama presha inasomeka 110/70. Tazama na mfuko wa mkojo: mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa.

Somo la mapafu lianze leo, maana mtu aliyetoka kwenye nusukaputi hafundishiki. Akumbatie mto juu ya tumbo, avute pumzi ndefu, aishike sekunde 3, aitoe taratibu. Baada ya pumzi kadhaa akohoe. Wodini arudie kila saa akiwa macho. Maumivu yakimzuia kukohoa, aombe dawa. Akijikaza tu (kina mama wetu hodari kwa hilo), makohozi yatatuama kifuani.