Kununua Dawa kwa Simu: Mahali pa Kutazama Kabla ya Kulipa

Wakaazi wa Kibabii, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu, siku hizi huagiza dawa kwa simu na kuletewa kwa bodaboda. Duka la dawa linalouza hivyo linapaswa kuweka alama kwenye kila bidhaa isiyouzwa bila karatasi ya daktari. Kwa antibayotiki alama hiyo huonekana mara nyingi. Inakokosekana zaidi ni upande wa vipodozi.

Tuchukue mfano wa tyubu ya krimu iliyopangwa pamoja na mafuta ya kujipaka. Maelezo yake yanasema: “Hung'arisha ngozi na kuondoa madoa kwa siku saba, haina madhara.” Kuza picha usome maandishi madogo. Ukiona “Clobetasol propionate 0.05%”, hiyo ni dawa, wala si kipodozi. Ni steroidi kali ya ngozi. Alama hufuata kiambato, hata jina la biashara libadilike mara kumi.

Kwa nini maelezo yale huaminika? Steroidi hubana mishipa ya damu na kutuliza mwasho, hivyo ngozi huonekana nyeupe na laini upesi. Baadaye huwa nyembamba, huchanika michirizi na kutoa chunusi. Mwenye mashilingi huumia zaidi: mwasho hupoa, lakini ukungu unaendelea kuenea chini kwa chini, na umbo la duara ambalo mhudumu angelitambua hupotea.

Maelezo yanayofaa yangekuwa hivi: “Dawa ya kupaka kwa baadhi ya magonjwa ya ngozi. Huuzwa kwa karatasi ya daktari pekee. Isitumiwe zaidi ya wiki mbili mfululizo, wala zaidi ya gramu 50 kwa wiki.” Hayavutii sana, ni kweli. Lakini hayaahidi rangi, na hayasemi haina madhara, kwa maana hakuna dawa ya namna hiyo.

Alama nayo yaweza kuwa pambo tu. Bonyeza kitufe cha kununua: ukipelekwa moja kwa moja kulipa kwa M-Pesa, hakuna aliyekagua chochote. Inavyotakiwa, agizo lisimame hadi utume picha ya karatasi, na mfamasia asome jina lako, tarehe na kipimo kabla ya kukubali.

Ukishuku duka lenyewe, uliza nambari yake ya usalama wa afya iliyotolewa na Bodi ya Famasia na Sumu, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 21031 kuthibitisha kama lina leseni.

Aliyekwisha kutumia krimu kama hiyo kwa miezi kadhaa asiiache ghafla kwa hofu, kwani ngozi yaweza kuwaka na kuvimba. Aibebe tyubu yenyewe hadi kituo cha afya, ili mhudumu asome kiambato na kumpangia namna ya kuipunguza.