Sehemu ya Daktari katika Fomu ya Madai: Namna ya Kuijaza Isirudishwe na Hoja

Somo hili linamhusu daktari anayetibu, lakini tumeliweka katika kijitabu cha wateja kwa makusudi. Fomu ikirudishwa na maswali, anayesubiri malipo ni mwenye bima, si daktari. Ni vema basi mwenye bima ajue kinachotakiwa, ili aweze kuikagua fomu yake kwa adabu kabla hajaondoka hospitalini.

Tutatumia mfano wa bima ya ajali binafsi, ile inayomlipa mtu kiasi fulani kwa kila wiki anayoshindwa kufanya kazi. Afisa madai hakumwona mgonjwa. Anachokiona ni karatasi, nayo inapaswa kumjibu maswali manne: Nini kimeumia? Kilisababishwa na nini? Mtu huyu hakuweza kazi tangu lini hadi lini? Je, kulikuwa na tatizo la zamani mahali hapo? Karibu hoja zote tunazozishughulikia huanzia katika mojawapo ya maswali hayo.

Mfano wetu

Fundi mwashi mmoja alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, akaangukia mkono wa kulia. Siku hiyo alipelekwa zahanati, akafungwa bendeji na kupewa dawa ya maumivu. Kesho yake, tarehe 4 Machi, alifika hospitali, akapigwa picha ya eksirei na kufungwa hogo. Hogo lilitolewa tarehe 14 Aprili, na siku hiyo akampa daktari fomu ya madai. Daktari, akiwa na foleni mlangoni, aliandika hivi: “Maumivu ya mkono baada ya ajali. Alionwa 4 Machi. Mapumziko wiki sita. Tatizo la zamani: ndiyo.”

Hakuna neno la uongo katika majibu hayo. Hata hivyo fomu ilirudishwa ikiwa na hoja nne. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

1. Jina la jeraha

Maumivu ni dalili, si jeraha. Daktari aandike kilichoonekana, upande wa mwili, na kipimo kilichothibitisha: “Mvunjiko wa ncha ya chini ya mfupa wa rediasi, mkono wa kulia, S52.5, umethibitishwa kwa eksirei ya tarehe 4 Machi 2025.” Msimbo huo wa orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, humwezesha afisa madai kulitambua jeraha bila kubahatisha. Lakini msimbo haubebi upande wa mwili, kwa hiyo neno “kulia” au “kushoto” haliepukiki. Lisomeke vilevile katika fomu, katika ripoti ya eksirei na katika cheti cha mapumziko. Karatasi mbili zikitofautiana juu ya upande, dai husimama hadi ijulikane ipi ni sahihi.

2. Sababu na tarehe ya kwanza

Mwenye bima aliandika katika sehemu yake kwamba alitibiwa tarehe 3 Machi; daktari akaandika tarehe 4. Kila mmoja alisema kweli, ila kila mmoja alijibu swali lake. Fomu nyingi hutenganisha siku ya ajali, siku ya matibabu ya kwanza popote pale, na siku ambayo daktari huyu alimwona mgonjwa. Pasipo na nafasi ya kutosha, sentensi moja hutosha: “Kwa maelezo ya mgonjwa, alianguka tarehe 3 Machi na kuhudumiwa zahanati siku hiyo, mimi nilimwona mara ya kwanza tarehe 4 Machi.”

Maneno “kwa maelezo ya mgonjwa” yana uzito wake. Daktari hakuwapo kwenye jukwaa, wala hapaswi kuthibitisha asichokiona. Anachoweza kuthibitisha ni kama jeraha linalingana na maelezo. Hapa aongeze: “Jeraha linalingana na kuangukia kiganja kilichonyooshwa.”

3. Muda wa kutoweza kazi

“Wiki sita” haina mwanzo wala mwisho. Zianze siku ya ajali, siku ya hogo, au siku ya kutia saini? Baadhi ya mikataba hailipi siku za mwanzo baada ya ajali, na mingi hulipa kiwango tofauti kwa asiyeweza kazi kabisa na kwa anayeweza sehemu tu ya kazi yake. Kwa sababu hiyo daktari aandike vipindi viwili vyenye tarehe: “Hakuweza kabisa kazi ya uashi: 3 Machi hadi 13 Aprili 2025. Kazi nyepesi tu, bila kubeba wala kupanda: 14 Aprili hadi 11 Mei 2025, kwa makadirio.”

Angalia mambo mawili. Kwanza, kazi imetajwa kwa jina, kwa kuwa mvunjiko uleule humzuia mwashi kwa muda mrefu kuliko karani. Pili, kipindi kilichokwisha kimetenganishwa na kinachokadiriwa. Tarehe 11 Mei ikipita kabla mgonjwa hajapona, apimwe tena na kupewa cheti kipya. Tarehe ya zamani isibadilishwe katika fomu ileile. Vivyo hivyo, asilimia ya ulemavu wa kudumu isikadiriwe wakati mkono ungali unaendelea kupona. Hapo jibu sahihi ni: “Ni mapema kutathmini.”

4. Tatizo la zamani

Neno “ndiyo” peke yake huibua shaka kubwa kuliko maelezo kamili. Jalada la fundi wetu lilionyesha kwamba mwaka 2016 alivunjika kidole gumba cha mkono huohuo. Jibu lililohitajika ni hili: “Ndiyo. Mvunjiko wa kidole gumba cha kulia, 2016, ulipona. Mvunjiko wa sasa ni mahali pengine na ni mpya: katika eksirei kingo zake ni kali, wala hakuna mfupa mpya ulioota.” Maelezo hayo yanalifunga swali.

Daktari asifiche habari ya namna hiyo kwa kumhurumia mgonjwa. Ikigunduliwa baadaye, hata sehemu ya dai isiyo na shaka hutiliwa shaka. Asipoijua historia, aandike “sijui, nilimwona mara ya kwanza siku hiyo”. Asiandike “hapana”, wala asiache nafasi wazi. Kadhalika, asimwage jalada zima: maradhi yasiyohusiana na jeraha wala na swali lililoulizwa ni siri ya mgonjwa.

Kabla ya kutia saini

Sehemu ya daktari ijazwe na daktari mwenyewe. Mgonjwa asiijaze kisha akaomba saini, na daktari asitie saini karatasi tupu. Kosa likitokea, likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno la awali likisomeka, kisha pembeni iwekwe saini na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usitumike. Mwishoni pawe na jina kamili, namba ya usajili wa daktari, saini, tarehe na muhuri wa kituo.

Nawe mwenye bima, kabla hujatoka, soma mambo manne: upande wa mwili, tarehe ya kwanza, vipindi vya kutoweza kazi, na kama kila nafasi ina jibu. Ukiona kasoro, mrudishie daktari papo hapo airekebishe mwenyewe. Usiirekebishe kwa kalamu yako. Kisha toa nakala ya fomu, ubaki nayo.