Diski ya TB 8: kwa nini siku tatu?

Swali: Msomaji wa Masumbwe, mkoani Geita, anauliza kwa nini kufomati diski yake ya nje kunakaribia siku tatu, ilhali "Quick Format" humaliza kwa sekunde chache.

Jibu: Njia ya haraka huandika upya orodha ya mafaili tu. Kwingine haigusi, hivyo haiwezi kugundua ubovu, na mafaili ya zamani huweza kufufuliwa.

Tangu Windows Vista, njia kamili huandika sifuri diski nzima na kutenga sehemu zilizoharibika. Windows XP ilisoma tu.

Kwa USB 2.0, yenye kasi ya takribani MB 35 kwa sekunde, TB 8 huchukua saa 63. Kwa USB 3.0, diski ikiandika MB 150, ni saa 15.

Diski ya mtumba ifomatiwe kikamilifu. Ikigoma katikati, isiwekewe kumbukumbu za thamani.