Jinsi ya Kufuatilia Kodi ya Nyumba

Kuanzia Rongo hadi Oyugis, ugomvi mwingi wa kodi hutokana na malipo ya nusu. Daftari lenye safu tano huumaliza: deni la nyuma, kodi ya mwezi, kilicholipwa, nambari ya risiti na salio.

Chukua mfano wa ploti yenye vyumba vinne, kila kimoja Sh3,500. Machi, vyumba 1 na 2 vimelipa kamili. Chumba 3 kilikuwa na deni la Februari la Sh2,000, kikatuma Sh4,000 kwa M-Pesa. Chumba 4 hakijalipa.

Malipo ya chumba 3 yasiandikwe “Machi” tu. Sh2,000 zifute deni la Februari, Sh2,000 ziingie Machi, na salio ni Sh1,500. Risiti ionyeshe mgawanyo huo pamoja na msimbo wa muamala wa M-Pesa, na mpangaji abaki na nakala.

Mwisho wa mwezi, jumlisha: deni la nyuma 2,000, ongeza kodi 14,000, toa zilizopokelewa 11,000. Zinabaki 5,000. Masalio ya vyumba, 1,500 na 3,500, lazima yalingane nazo. Yasipolingana, huenda kuna malipo ambayo hayakuandikwa. Linganisha risiti na jumbe za M-Pesa.