Kumbukumbu ya Nyongeza katika Simu za Bei Nafuu: Inasaidia Lini, Inachelewesha Lini?

Maboksi mengi ya simu za bei nafuu huandikwa "8 GB RAM" kwa herufi kubwa, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, "4 GB + 4 GB". Tarakimu ya kwanza ndiyo kumbukumbu halisi. Ya pili ni kumbukumbu ya nyongeza: sehemu ya hifadhi, yaani mahali zinapokaa picha na video, iliyotengwa ili isaidie kumbukumbu inapojaa. Mtumiaji anapolinganisha bei, yampasa kujua kwamba hizo mbili hazina thamani sawa.

Tumfikirie fundi cherehani. Kitambaa anachokishona kipo mezani, na vingine amevipanga kabatini, upande wa pili wa chumba. Kumbukumbu halisi ni ile meza. Kumbukumbu ya nyongeza ni rafu aliyoiongeza kabatini. Rafu humpunguzia msongamano wa mezani, lakini hakuna awezaye kushonea ndani ya kabati. Simu nayo haiwezi kuitumia programu iliyo katika nyongeza mpaka kwanza iirudishe kwenye kumbukumbu halisi.

Safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua muda. Kumbukumbu halisi husafirisha gigabaiti kadhaa kwa sekunde moja. Hifadhi ya aina ya eMMC, inayopatikana katika simu nyingi za bei ya chini, haivuki megabaiti 400 kwa sekunde hata katika hali bora, na hushuka mno inapotafuta vipande vidogo vilivyotawanyika. Hifadhi ya aina ya UFS ina kasi zaidi, lakini nayo haiifikii kumbukumbu halisi.

Basi nyongeza inasaidia lini? Kumbukumbu inapojaa, mfumo wa Android huzifunga programu zilizo nyuma. Mfano ni mteja anayejaza fomu, akatoka kidogo kusoma ujumbe wenye namba ya siri, kisha akirudi anakuta fomu imeanza upya. Nyongeza ikiwapo, programu ile huweza kubaki ikingoja, naye akaendelea pale alipoachia. Faida yake ni hiyo: kuzihifadhi programu zinazongoja. Programu iliyo mbele ya macho haiongezewi kasi, wala mchezo mzito haulainiki.

Nyongeza huchelewesha simu pale ambapo programu inayotumika, pamoja na mfumo wenyewe, vinazidi kumbukumbu halisi. Hapo simu hulazimika kutoa na kurudisha vipande bila kupumzika. Dalili zake ni kibodi kuchelewa kutokea, kioo kuganda kwa sekunde chache kila mtumiaji anapohama programu, na betri kupungua upesi kuliko kawaida. Hali huzidi kuwa mbaya hifadhi ikikaribia kujaa, kwa kuwa uandishi wake hupungua kasi. Tukumbuke pia kwamba nyongeza ya GB 4 katika simu yenye hifadhi ya GB 64 huchukua nafasi hiyo moja kwa moja, na kwamba kila uandishi hupunguza kidogo uhai wa hifadhi.

Tunapendekeza kila mtumiaji aipime simu yake mwenyewe. Fungua Mipangilio, utafute neno "RAM". Katika simu za Samsung utaona "RAM Plus". Katika nyingi za Tecno na Infinix, "MemFusion". Katika za Xiaomi, "Memory extension". Zima nyongeza, uwashe simu upya, usubiri dakika tano. Fungua programu tano unazozitumia kila siku, moja baada ya nyingine, kisha urudi kwenye ya kwanza. Angalia kama imeendelea ulipoachia au imeanza upya, na uhesabu sekunde ilizochukua kuitika. Kisha weka nyongeza ya GB 2 na urudie zoezi lilelile kwa mpangilio uleule. Ikiwa programu sasa zinabaki wazi na simu haigandi, iache. Ikiwa inaganda zaidi, izime. Hutapoteza picha wala ujumbe wowote.

Dukani, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungulie sehemu ya Kuhusu simu, uisome kumbukumbu halisi, ukiiacha tarakimu iliyo baada ya alama ya kujumlisha. Ukiwekewa mezani simu mbili za bei moja, moja ikiwa na "4 GB + 4 GB" na nyingine ikiwa na GB 6 halisi, mengine yote yakilingana, chagua ya pili, ijapokuwa tarakimu ya boksi lake ni ndogo. Nyongeza unaweza kuizima au kuiwasha siku yoyote; kumbukumbu halisi haiongezeki baada ya simu kutoka kiwandani.