SOMO LA BAIOLOJIA: KINGA INAPOSHUKA, NI UGONJWA GANI HUTANGULIA?

Mwezi uliopita tuliwapa wanakisomo wetu wa Mpanda swali moja la mazoezi. Wengi wao wanajiandaa kwa mtihani wa maarifa, ule tunaouita kiuti. Swali lilisema hivi: "Mtu mwenye VVU amepata kifua kikuu. Je, seli zake za CD4 ni ngapi?" Karibu darasa zima liliandika: "Chini ya 200." Jibu hilo si sahihi.

Baada ya kipindi mama mmoja alibaki nyuma. Akatuambia: "Mwalimu, mume wangu ana TB. Kliniki walimpima wakasema CD4 zake ni 460. Lakini nyumbani ndugu wameshasema kinga imekwisha, wanagawana mashamba." Basi tukaona kumbe kosa hili halimalizikii kwenye karatasi ya mtihani. Ndiyo sababu leo tunalifanya kuwa somo.

CD4 NI NINI?

Tuchukue mfano wa mashamba ya mpunga kule Mpimbwe, karibu na Hifadhi ya Katavi. Wakati wa mpunga kukomaa watu hulala shambani kulinda. Mlinzi akiona viboko au nguruwe pori hapigani nao peke yake. Anapiga debe, na wenzake wanakuja na mienge na kelele.

Seli za CD4 ni chembe nyeupe za damu zinazofanya kazi ya mpiga debe. Zikimwona mdudu wa ugonjwa huziamsha chembe nyingine zije zimshambulie. VVU huingia ndani ya seli hizo hizo na kuziharibu. Wapiga debe wakipungua, wapiganaji wengine hubaki wamelala hata kama wapo.

Maabara huhesabu seli hizi katika milimita moja ya ujazo ya damu, yaani kiasi kama kichwa cha pini. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1500. Mwenye VVU asiyetumia dawa hupoteza, kwa wastani, kati ya seli 50 na 100 kila mwaka. Wapo wanaopoteza haraka zaidi, na wapo wanaopoteza polepole.

KWA NINI MAGONJWA HUJA KWA ZAMU?

Magonjwa yanayotumia nafasi ya kinga kupungua tunayaita magonjwa nyemelezi. Mtahini hapendi uyataje tu kama orodha. Anataka ueleze kwa nini hili hutangulia na lile huja mwisho.

Shikeni neno hili moja: kadiri mdudu alivyo dhaifu, ndivyo anavyohitaji walinzi wawe wachache zaidi ndipo aweze kushambulia. Mdudu mwenye nguvu huingia mapema, walinzi wakiwa bado wengi. Mdudu dhaifu husubiri mpaka shamba libaki karibu tupu. Kwa hiyo ugonjwa wa mdudu dhaifu ndio unaotuonyesha kuwa kinga imeshuka sana.

Jambo la pili ni kwamba wengi wa wadudu hawa hawaji wageni. Virusi vya mkanda wa jeshi ni vile vile vya tetekuwanga, ambavyo hubaki vimelala katika mishipa ya fahamu tangu utotoni. Fangasi wa utando mweupe huishi kinywani mwa watu wengi wazima wasioumwa kitu. Fangasi aitwaye kriptokokasi hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, nasi humvuta kwa pumzi bila kujua. Wote hao kinga huwazuia. Kinga ikishuka, wanainuka.

SWALI LA MFANO

Sasa tufanye swali zima pamoja. Mgonjwa B ni mkulima mwenye VVU, na hakutumia dawa za kufubaza virusi. Kumbukumbu zake ni hizi:

Mwaka wa 1: CD4 720. Haumwi.
Mwaka wa 4: CD4 430. Mkanda wa jeshi.
Mwaka wa 6: CD4 340. Kifua kikuu cha mapafu.
Mwaka wa 8: CD4 180. Utando mweupe mdomoni, kisha nimonia ya fangasi aitwaye pneumosistisi.
Mwaka wa 10: CD4 60. Kichwa kuuma mfululizo kwa wiki mbili, homa na kutapika. Katika maji ya uti wa mgongo alionekana kriptokokasi.

(a) Eleza uhusiano kati ya idadi ya CD4 na magonjwa aliyopata.
(b) Kwa nini kifua kikuu kilitokea kabla idadi haijafika 200?
(c) Kriptokokasi alikuwa wapi miaka yote hiyo?

Tuanze na (a). Kwanza tumieni tarakimu mlizopewa. Kutoka 720 hadi 60 zimepungua seli 660 katika miaka 9, yaani kama 73 kwa mwaka. Halafu toeni sababu: CD4 huamsha chembe nyingine za kinga, hivyo zikipungua kinga yote hulegea. Mwisho unganisheni na magonjwa. Kwenye 430 virusi vilivyolala viliamka. Chini ya 200 aliinuka pneumosistisi, ambaye mtu mwenye kinga kamili humshinda bila hata kuumwa. Chini ya 100 aliinuka kriptokokasi na kushambulia utando wa ubongo. Jibu lenye tarakimu, sababu na kiungo ndilo lililokamilika. Ukiandika tu "CD4 zilishuka akaugua", umetaja, hujaeleza.

Sasa (b), pale tulipokosea darasani. Mdudu wa TB ni kama nyani. Nyani huiba shambani hata walinzi wakiwa wengi, na huiba zaidi wakipungua. TB humpata hata mtu asiye na VVU kabisa. Mtu wa namna hiyo akiwa na wadudu wa TB waliolala mwilini, nafasi yake ya kuugua ni kama 5 hadi 10 katika 100 kwa maisha yake yote. Mwenye VVU asiyetumia dawa hufikia karibu 10 katika 100 kwa kila mwaka mmoja. Kwa hiyo TB huweza kutokea CD4 zikiwa 600, 340 au 40.

Kinachobadilika ni sura ya TB yenyewe. CD4 zikiwa bado nyingi, kinga hupigana na mdudu ndani ya pafu. Mapambano hayo huchimba tundu katika pafu, na wadudu huonekana kwenye makohozi. CD4 zikiwa chache sana, mapambano huwa hafifu. Tundu halichimbwi, picha ya kifua yaweza kuonekana karibu safi, na makohozi yaweza yasionyeshe mdudu. Wakati huo huo TB imesambaa kwenye tezi, tumboni au kwenye utando wa ubongo. Usidanganyike basi kwamba makohozi safi maana yake hakuna TB.

Na (c): kriptokokasi aliingia kwa pumzi, pengine miaka mingi nyuma, akazuiwa. Hakuambukizwa na mtu mwingine mwaka ule wa 10. Kilichobadilika ni walinzi. Angalieni pia jinsi alivyokuja: kichwa kiliuma wiki mbili mfululizo. Ugonjwa huu mara nyingi huanza polepole, na shingo kukakamaa huweza kukosekana. Mtu anaweza kumeza dawa za malaria na za kichwa huku siku zinapita. Kwa mwenye VVU, kichwa kinachouma kwa siku nyingi ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni kusoma kinyumenyume. Kutoka kwenye ugonjwa huwezi kutaja idadi kamili. Nimonia ya pneumosistisi inakufanya ukadirie chini ya 200, lakini mkanda wa jeshi huwapata hata wazee wasio na VVU. Na mtu mwenye CD4 90 anaweza kutembea na kulima bila dalili yoyote. Kuonekana mzima si kipimo.

Mtego wa pili ni kuamini kipimo kimoja. Idadi hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja, na ugonjwa mkali kama TB wenyewe huishusha kwa muda. Mtahini akikupa vipimo vitano, angalia mwelekeo wake, usishikilie kimoja.

Mtego wa tatu uko kwenye madaftari ya zamani. Humo mtakuta kwamba dawa huanzwa CD4 zikishuka chini ya 200, au 350, au 500. Miongozo hiyo ilikuwapo, ikabadilishwa mmoja baada ya mwingine. Tangu 2016 Tanzania ilianza kutoa dawa kwa kila anayekutwa na VVU, bila kusubiri namba. CD4 hupimwa kujua nani yuko katika hatari zaidi. Aliye chini ya 200 huchunguzwa TB na kriptokokasi hata kama haumwi, na hupewa septrini ya kumkinga na pneumosistisi.

TUMRUDIE YULE MAMA

Mume wake ana TB ya mapafu na CD4 460. TB ya mapafu kwa mwenye VVU si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani huiweka katika hatua ya tatu kati ya nne, hata idadi ikiwa juu. Lazima amalize dawa za TB na aendelee na dawa za VVU. Lakini 460 ni walinzi 460. Kinga haijakwisha. Nyani amepita, basi, na viboko bado wako mtoni.

Tulimwandikia mama maneno hayo kwenye karatasi, naye alitaka akawasomee shemeji zake mwenyewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtu ana CD4 550 na TB ya mapafu. Mwanafunzi anasema maabara imekosea. Mjibu.
2. Kwa nini nimonia ya pneumosistisi huonyesha kinga imeshuka sana kuliko mkanda wa jeshi?
3. Mgonjwa ana CD4 45, amekonda, na makohozi hayana mdudu wa TB. Je, TB imekataliwa? Toa sababu.

Andikeni majibu yenu kwa sentensi kamili, kisha mlete kituoni. Swali la tatu ndilo gumu. Someni tena sehemu ya (b) kabla ya kulijibu.