Jinsi ya Kusoma Ukurasa wa Idhini ya Bajeti

Mkazi wa Wadi ya Merigi anayepokea nakala ya makadirio ya bajeti aanze na ukurasa wa idhini, kabla ya kutafuta barabara yake. Ukurasa huo humwonyesha anasoma toleo gani.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio hufikishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na sheria ya matumizi hupitishwa kufikia Juni 30. Katika miezi hiyo miwili ndipo hesabu hubadilika.

Tuseme Toleo 1.0 lina shilingi milioni 6 za barabara na milioni 3 za maji. Kamati ya Bajeti inapandisha maji hadi milioni 5. Sheria hairuhusu ongezeko bila punguzo la kiasi hicho kwingineko, kwa hivyo orodha ya mabadiliko ya Toleo 1.1 lazima iwe na mistari miwili: maji, ongezeko la milioni 2, barabara, punguzo la milioni 2. Kila mstari una tarehe, sababu na aliyependekeza. Ukiona mmoja tu, usikimbilie kulalamika. Huenda punguzo limo katika wadi nyingine, kwa hivyo tafuta orodha ya kaunti nzima.

Saini za Toleo 1.0 hazifuniki Toleo 1.1, wahusika hutia saini upya. Saini yenye tarehe ya kabla ya badiliko la mwisho huonyesha kuwa kurasa zilibadilishwa baada ya idhini. Hapo mkazi aombe nakala iliyopitishwa kutoka kwa karani wa Bunge la Kaunti.